Namanga: Hasara huanza kabla noti hazijahesabiwa

Mfanyabiashara anayevuka Namanga kwenda Nairobi kununua viatu hukutana na wabadili fedha kabla hajafika dirisha la uhamiaji. Wengi wao ni waaminifu. Wachache wenye hila hutegemea mambo mawili: haraka yake na hesabu ambayo hakuifanya mapema.

Mtego wa kwanza ni bei. Chukulia duka lenye leseni linauza shilingi ya Kenya kwa shilingi 20 za Tanzania. Mwenye shilingi 1,000,000 hugawanya kwa 20 na kupata 50,000 za Kenya. Mbadili wa barabarani anasema, "Mama, wewe nakupa 21." Namba imepanda, inasikika kama neema. Lakini anayenunua shilingi ya Kenya hunufaika namba ikishuka. Kwa 21 anapata 47,619 tu, pungufu ya 2,381. Kwa anayerudi na shilingi za Kenya, mambo ni kinyume: namba kubwa ndiyo nzuri.

Ajabu ni kwamba bei nzuri kupita ya duka ndiyo ya kuogopwa zaidi. Mtu akitoa 19 mahali ambapo duka linatoa 20, anaahidi 52,631. Hakuna anayeuza fedha kwa hasara, hivyo faida yake itatoka kwenye bunda. Noti hukunjwa katikati ili ihesabiwe mara mbili. Au mteja akishahesabu, mbadili huliomba bunda "aongeze iliyopungua", huchomoa kadhaa chini, kisha huongeza moja juu mbele ya macho yake. Bunda likirudi mkononi mwa mbadili, hesabu ya kwanza imekufa. Lihesabiwe upya, noti moja moja, zikiwa zimenyooshwa.

Mtego wa mwisho ni noti zenyewe. Noti mpya ya Kenya ikimulikwa juani huonyesha kichwa cha simba ndani ya karatasi, na uzi wake wa usalama hubadilika rangi noti ikiinamishwa. Maandishi yake hukwaruza kidogo kidoleni. Picha ya simba inayoonekana vilevile bila mwanga imechapwa juu ya karatasi, na noti hiyo ikataliwe. Ipo pia noti isiyo bandia lakini isiyo na thamani: ile ya zamani ya 1,000, yenye sura kubwa ya Mzee Jomo Kenyatta, iliyoondolewa kwenye mzunguko mwishoni mwa Septemba 2019.

Kwa hiyo utaratibu uwe huu: aulize bei dukani, apige hesabu kwa simu yake mwenyewe, apokee, ahesabu na kukagua, ndipo atoe fedha zake. Anayekataa utaratibu huo amejitaja. Barabarani hakuna risiti, na benki haifidii noti bandia.