Tuanzishe Wimbo Pale Ambapo Bibi Anafika

Ndugu zangu wa Tukuyu, Kiwira, Masoko na Katumba, wimbo mpya unapoingia kanisani kwenu, ubeti wa pili unaimbwa na nani? Usharika wote, au kwaya peke yake?

Ibada imekuwa ikiimbwa huku kwetu tangu Wamoravian walipofungua misheni ya Rungwe mwaka 1891, na walimu wetu wa kwaya wanatunga vizuri. Ila wimbo hufanyiwa mazoezi jioni, sauti zimekwisha kuchangamka, na soprano waliozoea kupanda. Jumapili asubuhi, kwenye baridi yetu hii, mama aliyechuma chai wiki nzima koo lake bado halijafunguka.

Chukueni wimbo unaoanzia do na kupanda hadi mi ya juu. Kwaya ikiuimba do ikiwa D, ile mi inaangukia F-shapu. Soprano anafika bila shida. Kwenye mabenchi je? Tazameni: videvu vinainuka, wanaume wanahamia chini katikati ya mstari, bibi ananyamaza, kisha anarudi wimbo ukishateremka. Hapo ndipo mnapojua.

Sasa shusheni nusu toni nne, do iwe B-flati. Mi ya juu inakuwa D. Wanawake wengi huimba kwa raha kuanzia A iliyo chini ya C ya katikati ya kinanda hadi hiyo D ya juu, na wanaume vivyo hivyo, oktava moja chini. Mpiga kinanda aliyezoea D asihangaike: aweke TRANSPOSE kwenye -4 na vidole vyake vibaki palepale.

Msishushe do chini ya A. Mkizidi, ile do ya kuanzia itawapotea wanawake, na besi wa kwaya watabaki wananguruma tu bila noti kusikika.

Na wimbo unaoanzia so ya chini ukafika mi ya juu? Huo hauna ufunguo utakaouokoa. Mwalimu, je, huwezi kuugeuza mstari mmoja tu, kilele kiishie do ya juu? Kwa do ikiwa D, wimbo mzima utakaa kati ya A na D. Mimi naona heri kupoteza noti mbili kuliko kupoteza nusu ya kanisa.

Angalieni pia wimbo unapokaa muda mrefu. Kugusa D mara moja, tena kwenye silabi yenye "a", ni rahisi; kukaa hapo mstari mzima kunachosha.

Nyumbani, ukimenya ndizi, mwimbishe mama ule mstari wa juu kabisa, bila kinanda. Akikaza shingo, mwambie mwalimu kabla ya mazoezi. Na wewe unayeanzisha bila ala, usianze kwa kukisia: imba kwanza kile kilele moyoni, ndipo ushuke kutafuta noti ya kuanzia.