Mchimbaji Mgeni Hana "Kinga Ndogo"

Katika zahanati na maduka ya dawa ya Masumbwe, mji mdogo wa Wilaya ya Mbogwe ulio kando ya barabara ya malori yaendayo Rwanda na Burundi, kuna sentensi ambayo karibu kila mgonjwa wa homa ameambiwa: "Kinga yako iko chini." Mtoa huduma huisema kwa kufariji, na muuza dawa huisema kwa mazoea. Mwenye kipaza sauti gulioni naye huiambatanisha na chupa ya kuuza. Mimi naona sentensi hiyo si sahihi kisayansi, tena ina madhara. Mgonjwa aliyezoea kusikia juu ya "upungufu wa kinga" huelewa kwamba anaambiwa ana virusi vya UKIMWI, na wengine huondoka bila kurudi. Wanaobaki hujiona kama ndoo iliyopungua maji, wakaanza kutafuta cha kuijaza.

Kinga haikai mwilini kama maji ndooni. Ili kuonyesha hivyo inanipasa kueleza namna mwili unavyotengeneza kingamwili, na jambo hilo tangu mwanzo lina fumbo la hesabu ndani yake. Mwanadamu ana jeni takriban 20,000 za kutengeneza protini, ambazo zinapaswa kutosha moyo, ubongo, ini na viungo vingine vyote. Lakini seli zetu nyeupe ziitwazo seli B huweza kutoa kingamwili za maumbo mbalimbali yanayokadiriwa kuzidi bilioni 100. Kama kila umbo lingehitaji jeni yake, tusingekuwa na pa kuziweka.

Msomaji atazame kibao cha namba cha pikipiki yoyote ya bodaboda. Baada ya MC kuna tarakimu tatu na herufi tatu. Hakuna aliyechora mapema kila kibao cha nchi. Tarakimu kumi na herufi chache za alfabeti, zikipangwa upya kila mara, hutoa mamilioni ya vibao visivyofanana. Seli B hufanya jambo la namna hiyo. Kwenye kromosomu ya 14, mahali pa jeni ya mnyororo mzito wa kingamwili, hakuna jeni iliyokamilika. Kuna vipande vilivyopangwa kwa makundi: vya kundi la V vinavyofanya kazi ni takriban 40, vya kundi la D ni 23, na vya kundi la J ni 6. Kila seli B changa, ikiwa ndani ya uboho wa mifupa, huchagua kipande kimoja kutoka kila kundi. Arubaini mara ishirini na tatu mara sita ni 5,520. Mnyororo mwepesi nao huundwa kwa vipande vya V na J pekee, katika kromosomu nyingine, na hutoa michanganyiko ipatayo 320. Kwa kuwa kingamwili huhitaji minyororo yote miwili, tunazidisha tena, na jawabu linakaribia milioni 1.8. Yote hayo yametoka katika vipande visivyofika 200.

Hesabu hiyo hata hivyo haijafika kwenye mabilioni. Sehemu iliyobaki hutokana na uunganishaji wenyewe, na hapa ndipo vielelezo vya darasani huharakisha mno. Vimeng'enya viwili, RAG1 na RAG2, hukata vinasaba kwelikweli, nyuzi zote mbili, pembeni mwa vipande vilivyochaguliwa. Kilichokuwa katikati hutupwa, na seli haitakipata tena. Kisha ncha zilizokatwa hazigandishwi kwa unadhifu. Herufi kadhaa hunyofolewa, na kimeng'enya kingine huongeza herufi mpya kwa bahati nasibu, bila kunakili popote. Kiungo hicho kisicho nadhifu ndicho kinachokaa katikati ya sehemu ya kingamwili inayomshika adui. Kwa kuwa vinasaba husomwa herufi tatu tatu, takriban viungo viwili kati ya vitatu huvuruga usomaji na kutoa jeni isiyofaa. Seli hujaribu tena kwenye kromosomu ya pili, na ikishindwa hufa. Mwili hupoteza seli nyingi namna hiyo kila siku.

Ukataji huu ulithibitishwa mwaka 1976 mjini Basel, ambako Susumu Tonegawa na Nobumichi Hozumi walilinganisha vinasaba vya kiinitete cha panya na vya uvimbe wa seli zake zinazotoa kingamwili. Vipande vilivyokuwa mbalimbali katika kiinitete vilikutwa vimekaa pamoja katika seli za uvimbe. Kabla ya hapo wengi waliamini kwamba vinasaba vya mtu ni vilevile katika kila seli yake. Tonegawa alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1987.

Sasa turudi Masumbwe. Mfikirie kijana wa miaka 22 aliyetoka Makete, nyanda za juu zenye baridi na malaria kidogo sana, akaja kutafuta dhahabu katika machimbo madogo ya Mbogwe. Kijana huyu ana seli B nyingi na za aina nyingi kama mwenzake aliyezaliwa hapahapa. Uboho wake umechanganya vipande kwa wingi uleule. Hata vipokezi vinavyoweza kushika protini za kimelea cha malaria anavyo tayari, kwa bahati tu ya uchanganyaji. Kinachomkosesha ni uchaguzi. Seli yenye kipokezi kinachofaa inaweza kuwa moja kati ya makumi ya maelfu au zaidi, na haijawahi kuitwa kazini. Kimelea kikiingia, seli hiyo hugawanyika ndani ya bandama na tezi, na kimeng'enya kingine hubadilisha herufi moja moja za jeni yake ya kingamwili. Zile zinazoshika vizuri zaidi huachwa ziendelee kuzaana. Kazi hiyo huchukua wiki moja au zaidi. Katika muda huo vimelea ndani ya damu huweza kuongezeka mara kumi kila baada ya saa 48, yaani mara elfu kumi kwa siku nane. Huyu kijana hufika wodini akiwa na malaria kali, huku mwenzake wa kambini akitibiwa kwa vidonge na kurudi shimoni.

Mwenzake huyo naye hakuzaliwa na ulinzi huo. Aliupata utotoni kwa homa nyingi, na baadhi ya watoto wa rika lake hawakuzivuka. Wala haukukamilika, kwa sababu kimelea nacho kina uchanganyaji wake. Plasmodiamu falsiparamu ina jeni zipatazo 60 za protini inayoning'inia juu ya chembe nyekundu ya damu, na zaidi ya 150 za protini za kundi la RIFIN. Huzibadilisha zamu kwa zamu, hivyo kingamwili iliyochaguliwa mwaka jana huweza kukuta vazi lingine mwaka huu.

Katika mashindano hayo kulitokea jambo Kilifi, Kenya, ambalo ningependa kila mwanafunzi wa afya wa Kanda ya Ziwa alijue. Mwaka 2016 watafiti wa huko na wenzao wa Bellinzona, Uswisi, walitangaza kwamba katika damu ya watu wazima wachache wa Kilifi wamekuta kingamwili zinazotambua chembe nyekundu zilizobeba vimelea vya aina nyingi tofauti. Walipozisoma jeni zake, walikuta kati ya V na D kimechomekwa kipande kirefu cha jeni isiyohusika kabisa na kingamwili, iitwayo LAIR1, kutoka kromosomu ya 19. Protini ya LAIR1 kwa kawaida hukaa juu ya seli za kinga na kuzituliza. Baadhi ya protini za RIFIN huishika ili kuzituliza seli hizo kwa faida ya kimelea. Kwa ajali ya ukataji, seli B hizi zililibandika lengo hilohilo la adui kwenye ncha ya silaha yao, kisha mabadiliko ya herufi moja moja yakalinoa. Baadaye watu wenye kingamwili za namna hiyo walipatikana Tanzania na Mali pia, takriban mmoja kati ya kila watu kumi hadi ishirini wanaoishi na malaria. Hilo halina maana kwamba hawaugui. Linaonyesha tu jinsi uchaguzi wa miaka mingi unavyoweza kuokota hata kosa na kulitumia.

Ukielewa hivyo, chupa ya gulioni inabaki bila kazi. Hakuna mzizi wala sharubati inayoiambia RAG1 ichague kipande gani, na kuongeza idadi ya michanganyiko hakungemsaidia kijana wa Makete, kwani tayari anayo mingi kupita kiasi. Lishe ni muhimu, na virusi vya UKIMWI huharibu kinga kweli, lakini hasa kwa kuua seli za CD4 zinazosimamia uchaguzi. Dawa yake ni ARV, nayo hutolewa bure.

Nina sababu nyingine ya kuliogopa neno "kuongeza". Mahali pa jeni ya kingamwili hukatwa na kubadilishwa herufi mara kwa mara, na kila mkato ni nafasi ya kuunganisha vibaya. Saratani ambayo Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 kutokana na watoto wa Kampala huanzia hapo. Jeni ya kuamuru ukuaji, kwenye kromosomu ya 8, huhamia kromosomu ya 14 kando ya jeni ya mnyororo mzito, nayo seli B huzaliana bila kuacha. Siku hizi kimeng'enya cha awamu ya uboreshaji ndicho kinacholaumiwa zaidi kuliko RAG. Malaria ya kurudiarudia huzichochea seli B bila kupumzika, na kirusi cha Epsteini-Barr huzisaidia zile zilizoharibika zisife. Kuchochewa zaidi si jambo la kumtakia mtoto wa Geita.

Hivyo basi, mtoto wa miaka minne hadi tisa akiletwa na taya lililovimba na meno yanayolegea, asing'olewe jino na kurudishwa nyumbani na antibiotiki. Uvimbe wa Burkitt huweza kuongezeka maradufu kwa siku chache, na mara nyingi hupona kwa dawa za saratani ukiwahiwa. Rufaa ya kwenda Bugando, Mwanza, iandikwe siku hiyohiyo.

Kwa mchimbaji mgeni, maneno yanayofaa hayazidi dakika moja: "Ndugu, mwili wako ni mzima, ila haujawahi kukutana na malaria ya huku. Kwa miaka yako ya kwanza hapa homa yoyote ni ya kupimwa siku hiyohiyo, hata kama wenzako kambini wanaivumilia. Meza dozi yote, na chandarua kiwe kitu cha kwanza kununua kabla ya sururu." Kisha aulizwe kwao ni wapi, na jibu liandikwe kwenye kadi yake, ili atakayempokea usiku akiwa amezidiwa ajue kwamba si mtu wa kusubirishwa hadi asubuhi.