Kompyuta ya ofisi itengwe na kamera ya nyumbani

MSIMU wa ununuzi wa mazao unapopamba moto, karani wa chama cha msingi cha ushirika huwa hamalizi hesabu zake ofisini. Kompyuta mpakato yenye orodha ya wakulima, kilo walizopeleka na namba za akaunti zao huenda naye nyumbani. Huko huunganishwa kwenye intaneti ile ile inayotumiwa na televisheni, simu za watoto na kamera ya ulinzi.

Kwa kawaida vifaa vilivyo chini ya ruta moja vinaweza kufikiana, na mwizi huingilia kwenye kifaa dhaifu. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai iliteka mamia ya maelfu ya vifaa, zikiwamo kamera, kwa kujaribu maneno ya siri ya kiwandani ambayo wenyewe hawakuyabadili. Mirai ilizitumia kushambulia tovuti, lakini aliyekwisha kuiteka kamera anaweza pia kuitumia kuichungulia kompyuta iliyo jirani nayo.

Dawa yake haihitaji kununua ruta ya pili. Ruta nyingi zina mtandao wa wageni, ambao hupata intaneti bila kuviona vifaa vya ndani. Fungua ukurasa wa ruta kwa anwani iliyobandikwa chini yake, uwashe `Guest Network`, kisha uupe jina na neno lake la siri. Kama kuna kipengele kinachowaruhusu wageni kufikia mtandao wa ndani, kizime. Kompyuta ya ofisi peke yake ndiyo ihamie huko. Mtandao wa zamani ufutwe kwenye kompyuta hiyo, la sivyo itarudi yenyewe siku moja bila karani kujua.

Kuwasha tu hakutoshi, kwani baadhi ya ruta hazitengi sawasawa. Tuseme anwani ya kamera ni 192.168.1.20. Kabla ya kuhama, andika kwenye kompyuta:

```
ping 192.168.1.20
```

Kamera ikijibu, yatatokea maneno `Reply from 192.168.1.20`. Hamia mtandao wa wageni, urudie amri ile ile. Yakitokea `Request timed out`, kamera haifikiki tena. Ikiendelea kujibu, ukuta haupo, na kipengele kile kiangaliwe upya.

Utengano huu una gharama yake. Printa isiyo na waya iliyobaki upande wa nyumbani haitaonekana tena, hivyo karani atachapa kwa waya wa USB. Vilevile ukuta huo hauzuii barua pepe ya utapeli inayofunguliwa kwenye kompyuta yenyewe, wala hauiponyi kamera: neno lake la siri la kiwandani bado lazima libadilishwe. Unachofanya ni kuhakikisha kwamba kamera ikitekwa, aliyeiteka haanzii hapo kuzitafuta akaunti za wakulima.