Dakika Kumi Si Makala Yaliyokondeshwa

Ndugu walimu, kuna desturi moja katika makongamano yetu ambayo yafaa tuiseme wazi, kisha tuiache. Msomaji wa makala hupewa dakika 10. Hufika mbele na kurasa 20 mkononi, akaanza na shukrani, akafuata na historia ya lugha, kisha maana ya istilahi, kisha wataalamu waliomtangulia. Mwenyekiti anapogonga meza, msomaji bado yu katika ukurasa wa sita. Matokeo ya utafiti, ambayo ndiyo yaliyotuleta, husomwa mbio kwa sauti ya kuomba radhi. Nasi hurudi shuleni na wino mwekundu uleule tuliokuja nao.

Wengine hudhani dawa ni kupunguza kila sehemu kwa kadiri. Hebu tupige hesabu. Ukurasa mmoja huchukua maneno 300 hivi, basi kurasa 20 ni maneno 6,000. Nimejipima kwa saa mara nyingi: nikisoma Kiswahili kwa utulivu, mifano ikisikika vema, nasoma kama maneno 100 kwa dakika. Ukitoa dakika moja ya salamu na vituo, yabaki maneno 900. Kupunguza kila sehemu kwa kadiri ni kuacha takriban moja ya saba ya kila kitu: moja ya saba ya historia, moja ya saba ya nadharia, moja ya saba ya ushahidi. Lakini moja ya saba ya ushahidi si ushahidi mdogo. Aghalabu si ushahidi kabisa. Tena sentensi zilizosalia huendelea kusema “kama tulivyoeleza hapo juu”, na msikilizaji hana juu wala chini. Hawezi kufunua ukurasa uliopita.

Tuchukue mfano. Tuseme mwalimu wa Bugeshi, wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, ameandika makala juu ya yale yanayoitwa makosa katika insha za wanafunzi wake. Bugeshi ipo mpakani. Ukivuka Kabuhanga umeingia Kongo, upande wa Kibumba, na watu huvuka kwa biashara wakizungumza Kiswahili cha Kivu. Makala yake yanadai kwamba baadhi ya maumbo tunayoyakata kwa kuyaita “Kinyarwanda” hayakutoka katika Kinyarwanda. Ni Kiswahili cha jirani. Dai hilo si la anasa. Mtoto anayeambiwa kwamba hajui Kiswahili, ilhali ameandika Kiswahili cha sokoni, hufundishwa vingine na mtoto aliyetafsiri kutoka lugha ya mama.

Makala hayo yana mafungu matatu ya ushahidi. La kwanza ni r na l: mtoto huandika “kurima” badala ya “kulima”. La pili ni viambishi vya wingi: “batu” kwa watu, “bintu” kwa vitu. La tatu ni udogo: “katoto kanalia”, mahali pa “kitoto kinalia”. Je, katika dakika 10 asome lipi?

Mwalimu wengi wetu angechagua la pili, kwa kuwa hugonga sikio upesi na ukumbi utacheka. Mimi nasema hilo ndilo la kwanza kuachwa. Mnyarwanda husema “abantu” na “ibintu”. Mtu wa Kivu husema “batu” na “bintu”. Njia zote mbili humfikisha mtoto mahali pamoja, na kwa hiyo mfano huo hauamui kitu. La kwanza pia liachwe, kwa sababu nyingine: Kinyarwanda hakitenganishi maneno kwa tofauti ya r na l, na “kurima” ni neno lake halisi lenye maana ileile ya kulima. Mfano huo huelekea upande wa Kinyarwanda, jambo ambalo dai halikukana, maana limesema “baadhi”.

Labaki la tatu, na hilo moja latosha. Kinyarwanda nacho kina kiambishi cha udogo, ka-. Lakini kina kanuni: k hiyo hugeuka g inapofuatwa na silabi inayoanza kwa konsonanti isiyo na ghuna, kama t au k. Ndiyo maana mtoto mdogo huitwa “akana gato”: ka- imebaki k mbele ya n, ikawa g mbele ya t. Kwa kanuni hiyo, mtoto anayebandika kiambishi cha Kinyarwanda juu ya neno “toto” tungetazamia aandike “gatoto”. Ameandika “katoto”, nalo ndilo umbo la Kiswahili cha Kivu. Hapo msikilizaji ameshikishwa kitu ambacho Jumatatu anaweza kukitafuta mwenyewe katika madaftari ya darasa lake.

Basi hotuba na ianze hivi: “Mtoto ameandika ‘katoto kanalia’. Mwalimu amekata, na pembeni ameandika ‘Kinyarwanda’. Nadai kuwa mwalimu amekosea.” Dakika 2 zielezee mpaka wa Kabuhanga. Dakika 4 ziende kwa “akana gato”, na maneno hayo yaandikwe ubaoni, kwa sababu tofauti ya k na g hupotea nyuma ya ukumbi. Dakika 2 zitolewe kwa udhaifu wa hoja: huenda mtoto amejifunza ka- kama kiambishi kamili bila kanuni yake, tena ka- ya udogo husikika hata katika mazungumzo ya Waswahili wengine. Dakika ya mwisho iseme mwalimu afanye nini: kabla ya kukata, amwulize mtoto neno hilo amelisikia wapi.

Udhaifu huo ndio ambao wengi hupenda kuufuta kwanza ili kuokoa muda. La hasha! Historia ya Kiswahili nchini Rwanda tangu enzi za Wajerumani yaweza kuachwa. Hatua ya mwaka 2017 ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi yaweza kuachwa, kwa kuwa ukumbi mzima waijua. Anayeacha udhaifu wa hoja yake hakufupisha makala. Ameyabadilisha, na waliomsikiliza wataondoka na uhakika ambao mwandishi mwenyewe hana.

Najua nitapingwa. Wataniambia kwamba kuacha orodha ya wataalamu ni kuwanyima haki yao. Haki yao imehifadhiwa katika makala yaliyochapwa, ambayo msomaji ayagawe mlangoni. Mdomoni amtaje yule tu ambaye hoja ingeanguka bila yeye. Wengine watasema kwamba mwalimu kijana asiyetaja nadharia ataonekana hakusoma. Lakini kanuni ya k na g ni nadharia ikiwa kazini, nayo yamtambulisha msomi kuliko majina kumi yaliyosomwa kwa pumzi moja.

Kipimo changu ni kimoja. Kabla ya safari, soma hotuba yako kwa sauti, saa ikiwa mezani. Kila aya uifunike kwa kiganja, ujiulize: je, dai langu limeanguka? Kama bado limesimama, aya hiyo ibaki nyumbani, hata ikiwa ndiyo iliyokugharimu mwezi mzima. Mtaka yote kwa pupa hukosa yote. Na ukumbini anayekosa si msomaji peke yake, bali na yule mtoto wa Bugeshi ambaye “katoto” yake itakatwa tena kesho.