Hesabu Makofi, Usihesabu Mizani

Nimekusudia leo kutetea aina ya utungo ambayo wengi wetu tuliosomea arudhi huipita bila kuitazama: wimbo wa kushangilia timu ya shule. Naandika nikiwa na deni. Miaka mingi iliyopita, nikifundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari wilayani Chato, nilimnyima mwanafunzi wa kidato cha tatu alama za ushairi kwa sababu ya wimbo wa namna hiyo. Niliandika kwa wino mwekundu: "Hauna vina wala mizani." Mwezi uliofuata uwanja ulinionyesha kuwa mwenye kosa nilikuwa mimi.

Yalikuwa majira ya mashindano ya UMISSETA ngazi ya wilaya, nami niliombwa nitunge wimbo wa washangiliaji wetu. Nilitunga kama nilivyofunzwa chuoni, mishororo ya mizani kumi na sita, minane ukwapini na minane utaoni. Mshororo wa kwanza ulikuwa huu:

Wachezaji wetu bora, washambulieni lango

Hesabuni kwa vidole, hamtaona upungufu. Wanafunzi waliukariri darasani bila taabu. Lakini uwanjani, walipoanza kupiga makofi, wimbo ulivunjika kabla ya mshororo wa pili. Kundi moja lilitangulia, jingine likachelewa, na mwishowe yakabaki makofi matupu.

Sababu iko katika mkazo. Kiswahili huweka mkazo wa neno kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kofi la mshangiliaji huvutwa na mkazo huo. Someni tena mshororo wangu mkigonga meza penye mkazo tu. Ukwapini mtagonga mara tatu: wacheZAji WEtu BOra. Utaoni mtagonga mara mbili: washambuliEni LAngo. Vipande viwili vyenye mizani sawa vina makofi yasiyo sawa. Tena neno "washambulieni" lina silabi nne kabla ya mkazo kufika. Mikono ya mtoto haiwezi kungoja muda wote huo, hivyo kila mmoja hupiga pale anapoona panafaa, na hapo ndipo kundi hutawanyika.

Mwimbaji wa taarabu au wa kwaya angeweza kuuokoa mshororo ule, kwa kuwa sauti ya muziki huivuta silabi na kuifupisha ipendavyo. Wimbo wa kushangilia hauna msaada huo. Una koo na viganja tu, na kasoro yoyote ya mkazo husikika.

Ndipo mwanafunzi yule niliyemnyima alama aliposimama mbele ya wenzake na kuanza wimbo wake. Yeye aliuliza, wote wakajibu. Penye herufi kubwa ndipo kofi lilipotua:

NYAvu ZEtu? – SaNGAra! (kofi)
NYAvu ZAo? – MaBAo! (kofi)
NGOme YEtu? – MiAmba! (kofi)
TImu YEtu? – DhaHAbu! (kofi)

Kila mstari una makofi manne. Mawili ya kwanza yako chini ya swali, la tatu liko chini ya jibu, na la nne halina neno. Mimi nilipousahihisha niliona pengo mahali pa kofi hilo la nne. Kumbe ndilo linaloubeba wimbo. Hapo kiongozi huvuta pumzi, na aliyechelewa hupata nafasi ya kuungana na wenzake kabla ya swali jipya. Ukilijaza kwa neno, wimbo huanza kukimbia, na baada ya mizunguko michache kiongozi amekaukiwa na sauti.

Tazameni pia maneno ya swali. Yote ni ya silabi mbili, kwa hiyo mkazo huanguka mwanzoni mwa neno na kofi halisubiri. Majibu yana silabi tatu: ya kwanza hupenya kati ya makofi, ya pili hupokea kofi, na ya tatu hushuka. Hata kiongozi akibadilisha swali akasema "Vijana wetu?", lenye mizani mitano badala ya minne, wimbo hauvunjiki, maana makofi yamebaki mawili. Hiyo ndiyo kanuni ninayoitetea: katika utungo huu kipimo ni kofi, na idadi ya silabi hufuata baadaye.

Na vina je? Sangara, mabao, miamba, dhahabu: miishio ni ra, o, mba na bu, nami niliikatia alama. Lakini uwanjani silabi ya mwisho hutamkwa kwa sauti iliyoshuka, nayo humezwa na kelele. Kinachosikika mbali ni irabu iliyo chini ya kofi, na katika majibu yote manne irabu hiyo ni "a". Mtoto yule alikuwa na kina. Alikiweka mahali ambapo sikuwa nimefundishwa kukitafuta.

Maana nayo aliichota kwao. Mtoto wa pwani ya Ziwa Viktoria anajua kwamba wavu huvua samaki, na anajua kwamba goli nalo lina wavu. Akaliacha neno moja lifanye kazi mbili. Miamba na dhahabu hazihitaji maelezo kwa mtu wa Geita. Hakumtukana mpinzani hata kwa neno moja, wala wimbo haukupungukiwa makali.

Nakiri mipaka yake. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Washangiliaji wakipiga makofi mawili kwa sekunde, na wakiwa wamejipanga kandokando ya uwanja kwa urefu wa mita 70, aliye mwisho wa mstari humsikia kiongozi akiwa amechelewa kwa takriban sekunde 0.2, yaani karibu nusu ya mwanya kati ya kofi na kofi. Utungo mzuri hauponyi hilo. Dawa ni kukusanyika pamoja, kiongozi akiwa katikati, na kupunguza kasi.

Najua wapo watakaoniambia kwamba nawafungulia watoto mlango wa kutoroka sheria. Sheikh Kaluta Amri Abedi alituwekea sheria za kutunga mashairi katika kitabu chake cha mwaka 1954, na kizazi changu kililelewa nazo, sizikatai. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974 tulibishana kama shairi laweza kukosa vina na mizani. Lakini wimbo wa mwanafunzi wangu hauko upande wowote wa ubishi ule. Una sheria kali kuliko tarbia, kwa sababu msahihishaji wake ni umati, na umati hauelezi kosa, hunyamaza tu. Wasukuma wanalijua hilo tangu zamani. Bagika na Bagalu waliposhindana kwa ngoma, kila kundi lilicheza wakati mmoja na jingine, na mshindi alikuwa yule aliyevuta watazamaji wengi zaidi.

Ombi langu ni kwa walimu wenzangu mlio bado kazini. Mwanafunzi akikuleteeni utungo wa aina hii, msiusome kimya mkiwa na kalamu mkononi. Usomeni kwa sauti, mgonge meza penye mikazo, mhesabu kama kila mstari una idadi ileile, kisha ndipo mtoe alama. Mimi sikufanya hivyo. Alama za mtihani ule zilikwisha kupelekwa ofisini, nazo hazikubadilishwa.