Kukuza Picha za Kanda Kongwe: Uhariri au Ughushi?

Yeyote aliyewahi kufanya utafiti katika fasihi simulizi anazijua kanda za VHS zilizorekodiwa katika miaka ya themanini na tisini: manju akighani mbele ya hadhira, bibi akitamba hadithi, kikundi cha wanawake kikiimba arusini. Sauti aghalabu husikika vyema. Picha, hata hivyo, huwa na ukungu, rangi zimechujuka na nyuso za walio mbali ni madoa tu. Siku hizi zipo programu za tarakilishi ambazo huichukua picha hiyo hafifu na kuikuza mara mbili, mara nne au zaidi, na kuirejesha iking'aa utadhani ilipigwa jana. Baadhi ya wenzetu wameanza kuzitumia, na wapo wanaopendekeza kwamba nakala zilizokuzwa ndizo zihifadhiwe na kuchambuliwa. Nionavyo mimi, pendekezo hilo lina nusu ya ukweli, na nusu ya pili ni hatari kwa taaluma yetu.

Ili tuelewane, tuanzie pale tunapopajua. Chukua mswada wa utenzi ulioliwa na mchwa, neno moja likapotea katikati ya mshororo. Mhariri anajua kwamba mshororo una mizani nane, anaijua lahaja ya mtunzi, na anajua kina kinachotakiwa. Kwa ujuzi huo anaweza kubuni neno litakalotoshea barabara. Lakini kutoshea si kuwa la mtunzi. Yapo maneno mengi yanayotosha katika pengo hilo, na mtunzi alitumia moja tu. Mhariri mwaminifu hulitia neno lake katika mabano ili msomaji ajue mkono wa nani uliandika nini. Mhariri anayeyaondoa mabano hahariri tena, anaghushi. Programu ya kukuza picha ni mhariri wa aina hii ya pili, kwa kuwa haiachi mabano.

Hebu tulipime pengo lenyewe. Kanda ya VHS ya mfumo wa PAL, uliotumika hapa Kenya, inapoingizwa katika tarakilishi kwa kawaida hutoa picha ya nukta 720 kwa 576, yaani nukta 414,720. Tukiikuza ifikie kimo cha 1080 bila kuvuruga umbo lake, tunapata nukta 1440 kwa 1080, yaani 1,555,200. Kwa kila nukta 15 za picha mpya, 4 tu ndizo zilizolingana na zile tulizokuwa nazo, na 11 zimebuniwa. Hata hizo 4 tusizisifu mno, kwani ukanda wa VHS wenyewe huhifadhi kwa upana maelezo yasiyozidi takriban nukta 320. Zilizobaki ni kivuli cha jirani zake.

Nukta hizo zilizoongezwa hujazwa kwa njia mbili. Njia ya kale ni ya hesabu tupu: nukta mpya hupewa wastani uliopimwa wa nukta zinazoizunguka. Picha huwa kubwa lakini hubaki na ukungu wake, na kwa hakika hiyo ndiyo fadhila yake, maana haidai kujua isichokijua. Njia ya pili ni ya programu zilizofunzwa, kama vile Real-ESRGAN. Programu hizi zimeonyeshwa picha nyingi safi pamoja na nakala zake zilizoharibiwa, hadi zikajifunza kwamba doa la aina hii aghalabu lilikuwa jicho, na lile lilikuwa jani. Zinapokutana na doa jipya, huchora kile kilichozoeleka. Pengo hujazwa kwa mazoea ya picha nyingine, si kwa ushahidi wa kanda iliyo mbele yetu.

Nitoe mfano wa kanda niliyoishughulikia katika utafiti wangu wa uzamili, ambamo mwimbaji mmoja amesimama ukumbini akiwa amejifunga kanga. Kwa mtafiti wa fasihi, jina la kanga ile ni sehemu ya utendaji, kwa kuwa huenda mwimbaji aliichagua makusudi ili ijibizane na wimbo. Nilitaka kulisoma. Mwimbaji anapoonekana mzima, herufi moja ya jina hilo ina kimo cha mistari ipatayo 11 ya picha, na upana wa nukta tatu au nne tu zenye maelezo ya kweli. Kwa nukta tatu, nani atatofautisha M na N, au B na R?

Programu iliyofunzwa haikusita. Ilichora herufi nyeusi zenye kingo kali, za kupendeza. Ila nilipozifuatilia fremu baada ya fremu, herufi ya tatu ilikuwa B, kisha ikawa R pindo la kanga lilipotikisika, na nyingine iliyofuatia haikuwa herufi ya alfabeti yoyote; ilikuwa umbo lenye sura ya maandishi lisilo na maana. Kitambaa kilichopigwa chapa hakibadili jina lake kati ya pumzi mbili. Kigeugeu hicho kilikuwa ushahidi tosha kwamba jina lilikuwa likitungwa na programu.

Hata hivyo, kanda hiyo hiyo ilinionyesha pale ambapo zana hizi husaidia. Kati ya ubeti na ubeti, mpiga picha alimsogelea mwimbaji, naye akatulia kwa muda usiofika sekunde moja. Kanda ina fremu 25 kwa sekunde, hivyo nilipata fremu 16 za kitu kilekile. Chenga za ukanda huruka ovyo kutoka fremu moja hadi nyingine, ilhali herufi hubaki mahali pake. Fremu 16 zikilinganishwa na kuchukuliwa wastani wake, chenga hupungua hadi robo, na kilicho cha kweli hujitokeza. Neno la kwanza likasomeka: SUBIRA. Yaliyofuata hayakusomeka, nami katika tasnifu niliyaacha kama nukta za kukatika. Hapa hakuna kilichobuniwa. Maelezo yalikuwamo katika kanda, yametawanyika katika fremu jirani, na programu iliyakusanya tu. Huu ndio mpaka ninaotaka tuuzingatie: kukusanya kilichomo ni uhariri, kuleta kisichokuwamo ni utunzi.

Ipo pia kazi nyingine ya halali ambayo hupuuzwa na wenye haraka ya kukuza. Kamera za zama zile hazikunasa picha nzima kwa mpigo mmoja. Zilinasa mistari isiyo ya jozi, kisha baada ya sehemu ya 50 ya sekunde zikanasa mistari ya jozi. Kwenye skrini ya tarakilishi, mkono wa mpiga ngoma unaokwenda kasi huota meno kama ya kitana. Ukiikuza picha hiyo kabla ya kuitibu, programu huyadhania meno hayo kuwa sehemu ya mkono na kuyachora kwa ustadi, na hapo hayatoki tena. Basi kwanza nusu hizo mbili zitenganishwe, kwa mfano kwa kichujio cha `bwdif` kilichomo katika `ffmpeg`, ili upate picha 50 kwa sekunde badala ya 25. Ni kweli kwamba kichujio nacho hujaza mistari iliyokosekana, lakini huijaza kutokana na majirani wa kanda ileile. Mara nyingi, baada ya hatua hii peke yake, mwendo wa ngoma na ishara za mikono huonekana vizuri kiasi kwamba haja ya kukuza kwa njia ya pili hupungua sana.

Msomaji atauliza: nitaujuaje uzuri wa bandia? Tazama ngozi kwanza. Ikiwa laini kama nta, mikunjo ya mzee imepotea lakini kope zimechongwa moja moja, shuku. Kisha tazama watu wa nyuma, ambao nyuso zao zilikuwa na nukta chache mno. Huko ndiko macho hupishana na midomo huyeyuka. Mwisho, ipunguze picha iliyokuzwa hadi ukubwa wake wa awali, uilinganishe na kanda. Zikitofautiana waziwazi, programu imesema uongo. Lakini jihadhari: zikilingana, hujathibitisha kuwa imesema kweli. Picha kubwa nyingi zilizo tofauti zinaweza kupunguzwa zikazaa picha ndogo ileile, kama vile maneno mengi yawezavyo kutimiza mizani nane.

Anayedhani kwamba hofu hii ni ya kinadharia akumbuke yaliyotokea mwaka 2020. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitoa programu iitwayo PULSE, iliyoweza kuichukua picha ya uso ya nukta 16 kwa 16 na kuizalisha upya kwa nukta 1024 kwa 1024. Watu wakaipa picha hafifu ya Barack Obama. Uso uliotoka ulikuwa safi, wenye kila tundu la ngozi, nao ulikuwa wa mwanamume mzungu. Programu haikuwa na chuki. Ilikuwa na mazoea. Sasa fikirini nyuso za manju na malenga wetu zikipitishwa katika zana ambazo hatujui zilifunzwa kwa nyuso za akina nani, kisha nakala hizo zikaitwa kumbukumbu.

Wapinzani wangu husema kwamba wanafunzi hawana subira na picha zenye ukungu, na kwamba kanda iliyokuzwa huvutia zaidi inapoonyeshwa ukutani darasani. Hoja hii naikubali bila kinyongo. Kwa kutazama na kufurahia, nakala iliyokuzwa haina dhara, mradi iandikwe waziwazi mwanzoni kwamba imekuzwa na kwa programu ipi. Nisichokikubali ni kuitoa humo picha ya uso, ishara au maandishi, na kuibandika katika tasnifu kama kielelezo.

Kwa hivyo, napendekeza mambo matatu kwa idara na kwa wanachama wenzangu. Kanda ikishaingizwa katika tarakilishi, faili ya kwanza ihifadhiwe kama ilivyo, pamoja na meno yake na chenga zake, na isifutwe kwa sababu ya kupatikana kwa nakala nzuri zaidi. Kila dai kuhusu utendaji lirejelee dakika na sekunde ya faili hiyo. Na pale ambapo kanda haionyeshi, tuandike kwamba haionyeshi. Pengo lililoachwa wazi katika mswada limewawezesha wahariri waliofuata kulijaza kwa neno sahihi ulipopatikana mswada mwingine. Pengo lililofichwa hakuna atakayejua kwamba lipo, sembuse kulitafutia dawa.