Lecteur, Commentateur, Éditeur: nani aguse daftari letu?



Juma hili tuzungumze juu ya neno moja la Kifaransa lililotuletea maneno katika likelemba yetu. Sisi ni mama 22, kila mmoja anatoa faranga 5,000. Siku ya hesabu, sanduku lilikuwa na faranga 110,000, sawasawa. Lakini daftari letu la Google, lile tunalolifungua kwenye simu, lilionyesha 95,000. Mama watatu walionekana hawakulipa, nao walikuwa wamelipa mbele ya macho yetu. Wengine wakaanza kumtazama mtunza sanduku kwa jicho baya.

Kosa halikuwa lake. Sekretere wetu alitaka wenzetu wa Kabambare waweze kuchapisha orodha ile kwenye nyumba ya fotokopi. Alipobonyeza Partager, simu ikamwonyesha maneno matatu: Lecteur, Commentateur, Éditeur. Shuleni tulifundishwa kwamba éditeur ni mwenye kuchapisha vitabu, basi akachagua hilo. Akatuma kiungo katika grupu la WhatsApp.

Hapa neno hilo lina maana nyingine. Lecteur ni msomaji: anaona daftari, hawezi kugusa kitu. Commentateur anasoma na kuandika maoni pembeni, lakini hesabu zenyewe hazibadilishi. Éditeur anaandika, anafuta, na kwa kawaida anaweza hata kuwaruhusu watu wengine. Kuchapisha si lazima uwe Éditeur. Lecteur naye anachapisha, isipokuwa mwenye daftari amemzuia.

Tena ukurasa ule wa Partager una sehemu mbili, na lazima uzitazame zote. Ya juu ni ya watu unaowaandika kwa anwani zao za Gmail. Angalia vizuri: ukiongeza mtu hapo, simu mara nyingi inamwekea Éditeur yenyewe. Bonyeza neno hilo ulibadilishe kabla ya kutuma.

Sehemu ya chini inaitwa Accès général. Ikiandikwa Limité, wanafungua wale ulioandika majina yao tu. Ikiandikwa Tous les utilisateurs disposant du lien, yeyote aliye na kiungo anaingia, hata kama humjui. Pembeni yake kuna tena neno la ruhusa. Letu lilikuwa Éditeur, kwa hiyo kila simu iliyopokea kiungo, pamoja na simu ambazo watoto wanachezea, ilikuwa na kalamu na kifutio. Wala haisaidii kumwandika mtu Lecteur juu ikiwa chini kiungo kimeachwa Éditeur: ruhusa kubwa ndiyo inayoshinda.

Tulijuaje kilichotokea? Tulifungua daftari kwenye kompyuta, tukabonyeza Fichier, kisha Historique des versions, kisha Afficher l'historique des versions. Hapo daftari linaonyesha lilivyokuwa siku kwa siku, saa kwa saa. Jumamosi jioni zile 5,000 tatu zilikuwepo. Jumapili asubuhi hazipo. Jina la aliyefuta halikuonekana, kwa sababu mtu anayeingia kwa kiungo bila akaunti anaonekana kama asiye na jina. Kwa hiyo hatukumpata mtu, lakini mtunza sanduku alisafishwa mbele ya wote.

Kuna kitufe cha Restaurer cette version. Hatukukibonyeza, maana kinalirudisha daftari zima nyuma, na malipo yaliyoandikwa baadaye yangepotea machoni. Tuliandika upya zile hesabu tatu tu, jumla ikarudi 110,000.

Sasa tumepanga hivi. Sekretere na mtunza sanduku ndio Éditeur, wawili tu. Mama wawili wa ukaguzi, mmoja Kasongo na mmoja Kabambare, ni Commentateur: wakiona kosa wanaandika pembeni, sekretere anarekebisha. Wengine wote ni Lecteur. Chini tumeweka Limité, kwa kuwa majina na faranga za watu si za kila mtu. Asiyeandikwa akifungua kiungo ataona Demander l'accès. Akibonyeza, ombi lake linakuja kwa mwenye daftari, naye anachagua ruhusa ya kumpa.

Wewe pia, leo jioni reso ikiwa nzuri, fungua daftari la kikundi chako, bonyeza Partager, na usome kwanza sehemu ya chini. Ukikuta kiungo kimeandikwa Éditeur, kibadilishe kabla ya siku ya hesabu.

Tuonane juma lijalo.